Mtoto haji shule leo: ujumbe wa simu, kikaratasi au barua?

"Mambo mwl, dogo leo haji usiku kucha homa, akipata nafuu atakuja. Asante."

Ujumbe wa aina hii huingia kwenye simu za walimu wa darasa karibu kila asubuhi ya siku ya shule. Mzazi amefanya jambo la maana, ametoa taarifa mapema, na nia yake haina kasoro. Kazi inakuja kwa anayeusoma. Ni saa moja na nusu asubuhi, rejista iko mezani, namba iliyotuma haijahifadhiwa kwa jina, na darasa lina wanafunzi zaidi ya sitini. "Dogo" ni yupi? "Leo" ni siku gani, kama ujumbe ulitumwa jana usiku na simu ilikuwa imezimwa? Na "akipata nafuu" ni kesho au wiki ijayo? Mwalimu akikosa majibu, mtoto anaandikwa hayupo bila sababu, na katika rejista nyingi hilo linasomeka kuwa ni utoro.

Nimekuwa mwalimu wa darasa katika shule ya kutwa hapa Tanzania, na wazazi huniuliza mara kwa mara: niandike barua, au ujumbe wa simu unatosha? Kikaratasi anachorudi nacho mtoto bado kinakubalika? Hapa naziweka njia hizo tatu kando kwa kando, nikichukua jumbe za kawaida za wazazi na kuziandika upya. Majina yote ndani ya mifano ni ya mfano tu.

Yasiyobadilika, njia yoyote utakayochukua

Wengi wakisikia "andika rasmi" wanadhani wanatakiwa kutafuta maneno mazito. Wanaanza na "Kwa heshima na taadhima, nachukua fursa hii adhimu", na mpaka wanafika kwenye jina la mtoto karatasi imekwisha nusu. Ofisi ya shule haitafuti hayo. Inatafuta mambo manne ambayo mtu anaweza kuyahamishia kwenye rejista bila kupiga simu: mtoto ni nani, siku zipi, kwa sababu gani, na mzazi anataka shule ifanye nini.

Mtoto ni nani maana yake ni majina matatu kama yalivyo kwenye rejista, pamoja na darasa na mkondo. Mtoto anayeitwa Junior nyumbani, shuleni ni Ibrahimu Hamisi fulani, Darasa la Tano B. Siku zitajwe kwa jina na tarehe: "Jumatano, 7 Mei 2025". Maneno kama leo, kesho na wiki ijayo yaambatane na tarehe siku zote, kwa sababu karatasi inaweza kusomwa mwezi mwingine na mtu mwingine. Sababu iwe sentensi moja. Ikiwa siku ya kurudi haijulikani, usiache wazi kwa "akipata nafuu". Taja siku utakayoleta taarifa nyingine.

Jambo la nne ndilo linalopotea zaidi. Ujumbe wa mzazi ama unaarifu ama unaomba. Ugonjwa wa ghafla unaarifiwa: umeshatokea, hakuna wa kukukatalia. Safari, harusi, sherehe ya familia au ratiba yoyote unayoijua mapema inaombewa ruhusa, na shule ina haki ya kujibu. Angalia ujumbe huu: "Mwl kesho na keshokutwa hatakuja tuna harusi Tanga." Mzazi alikuwa anaomba, lakini alichoandika ni tangazo. Mwalimu wa darasa, ambaye kwa kawaida hana mamlaka ya kutoa ruhusa ya siku kadhaa, anabaki hajui kama aupeleke kwa mkuu au anyamaze. Ukiandika "Naomba ruhusa ya siku 2, Alhamisi 22 na Ijumaa 23 Mei 2025", kila mtu anajua la kufanya, na wewe unajua kwamba unasubiri jibu.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, kifungu cha 35, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria masomo mpaka amalize. Shule inapoulizwa kuhusu mtoto ambaye hakuonekana siku kadhaa, inachoweza kuonyesha ni rejista na kile kilichoandikwa na mzazi. Simulizi za mdomo hazimsaidii mtu hapo.

Tunazipima kwa nini

Kwa kuwa maudhui ni yale yale, njia zinatofautiana kwa mambo mengine. Nazipima kwa kasi ya kufika kwa mtu anayehusika, kwa mahali kumbukumbu inapokaa baadaye, kwa usiri wa habari za mtoto, na kwa uwezo wa kubeba ombi linalohitaji uamuzi wa mkuu. Baada ya hapo nasema inamfaa nani.

Njia ya kwanza: ujumbe wa simu

Tuuchukue ule ujumbe wa homa. Kuuandika upya hakuhitaji kuupamba, unahitaji kujaziwa mapengo:

> Habari za asubuhi Mwalimu. Mimi ni mama wa Asha Salum Mbwana, Kidato cha Pili B. Asha hatafika shuleni leo Jumatano, 7 Mei 2025, kwa sababu ana homa tangu jana usiku. Tunampeleka zahanati asubuhi hii. Nitakujulisha kabla ya saa kumi jioni kama kesho atakuja. Ahsante. Zainabu Ally.

Mzazi hakusema uongo kuhusu siku ya kurudi, kwa sababu haijui. Amesema saa atakayoleta habari. Na jioni anatimiza:

> Mwalimu, ni mama wa Asha Salum Mbwana, Kidato cha Pili B. Amepimwa na kukutwa na malaria, ameandikiwa dawa za siku 3. Hatakuja Alhamisi 8 na Ijumaa 9 Mei. Tunategemea arudi Jumatatu, 12 Mei, akiwa na karatasi ya zahanati. Ahsante. Zainabu Ally.

Ametaja jina kamili tena katika ujumbe wa pili. Inaonekana kama kurudia bure, lakini kufikia jioni ile simu ya mwalimu imeshapokea jumbe za wazazi wengine, na wanaojitambulisha kwa neno "mama" tu wako kadhaa.

*Kasi.* Hakuna njia inayoishinda hii. Ukiutuma kabla ya rejista kuitwa, mtoto anaandikwa mgonjwa tangu siku ya kwanza, na hakuna kitu cha kusahihisha baadaye. Ila ujumbe wa maandishi ndio wenye faida hiyo. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili hausikilizwi darasani, na hauwezi kuwekwa kwenye faili.

*Kumbukumbu.* Hapa ndipo unapokuwa dhaifu. Mara nyingi ujumbe unakaa kwenye simu binafsi ya mwalimu. Mwalimu akihamishwa kituo, simu ikiibiwa au ikijaa akafuta, ushahidi wako umeondoka naye. Shule zenye simu ya ofisi zina nafuu kidogo, kwa kuwa karani anaweza kunakili kwenye daftari.

*Usiri.* Ukitumwa kwa mwalimu peke yake, ni salama kiasi cha kutosha. Ukitumwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, wazazi wote wa darasa wanajua kwamba binti wa fulani anaumwa nini. Tena kwenye kundi unazama haraka: pole kumi na mbili zinafuata, halafu mjadala wa michango ya mahafali, na mwalimu aliyefungua simu saa nne hauoni kabisa. Kundi ni la matangazo ya shule kwenda kwa wazazi. Habari ya mwanao iende kwa mwalimu moja kwa moja.

*Kubeba ombi.* Unatosha kwa siku moja, au kwa ruhusa ya kuondoka mapema mchana. Kwa siku nyingi, mwalimu mwenyewe atakwambia "andika barua".

*Inamfaa nani.* Mzazi mwenye dharura ya asubuhi, anayejua namba ya mwalimu wa darasa, na ambaye mtoto wake anakosa siku moja au mbili kwa ugonjwa wa kawaida.

Njia ya pili: kikaratasi anachobeba mtoto

Hii ni nusu ukurasa wa daftari uliokunjwa, au mistari michache kwenye daftari la mawasiliano kwa shule zinazolitumia. Wazazi wengi wa sasa wanakidharau, lakini mwalimu wa darasa anakipenda kwa sababu moja: anakibana moja kwa moja kwenye faili la mwanafunzi.

Kilichoandikwa kwa haraka kinasomeka hivi: "Mwl mpokee Asha alikuwa anaumwa sana karibu wiki nzima." Wiki nzima ni siku ngapi, na mwandishi ni nani? Kikiandikwa upya:

> 12 Mei 2025
>
> Kwa Mwalimu wa Darasa, Kidato cha Pili B.
>
> Asha Salum Mbwana hakuhudhuria masomo kuanzia Jumatano 7 hadi Ijumaa 9 Mei 2025 (siku 3) kwa sababu ya malaria. Nilitoa taarifa kwa ujumbe wa simu tarehe 7 Mei. Karatasi ya zahanati nimeiambatanisha. Naomba aonyeshwe kazi zilizotolewa siku hizo ili azimalize.
>
> Zainabu Ally, mama mzazi
> Sahihi: ............ Simu: ............

"Karibu wiki nzima" imegeuka siku tatu zenye tarehe, na zinalingana na karatasi ya zahanati. Jambo hilo linaangaliwa. Mzazi akiandika siku tano na zahanati ikaandika mapumziko ya siku mbili, mwalimu analazimika kuuliza siku tatu zilizobaki zilikuwa za nini. Ikiwa kweli mtoto aliendelea kuwa dhaifu, andika hivyo: "Zahanati ilimpa mapumziko ya siku 2, nilimwacha nyumbani siku 1 zaidi kwa sababu alikuwa bado anatapika." Hilo linaeleweka na linakubalika.

*Kasi.* Ndogo. Kwa kawaida kinafika siku mtoto anaporudi, wakati rejista imeshajazwa. Kinaweza kufika mapema ukimpa mdogo wake au mtoto wa jirani anayesoma shule hiyo, ila mtoto wa Darasa la Pili anaweza kukikumbuka saa tisa alasiri akiwa tayari yuko nyumbani.

*Kumbukumbu.* Nzuri kuliko ujumbe wa simu. Ni karatasi yenye sahihi, inakaa shuleni, haihami na mtu.

*Usiri.* Mtoto atakisoma, na huenda rafiki zake pia. Ikiwa sababu ni nyeti, weka ndani ya bahasha na uifunge kwa gundi.

*Kubeba ombi.* Kwa kuwa mara nyingi kinafika baada ya tukio, hakiombi ruhusa, kinaeleza. Usikitumie kuombea siku zijazo.

*Inamfaa nani.* Mzazi asiye na simu au salio la uhakika, mzazi ambaye hajui namba ya mwalimu, na kila mzazi aliyetuma ujumbe wa simu na sasa anataka kuacha karatasi nyuma yake.

Kina udhaifu mmoja ambao wanafunzi wa sekondari wanaujua vizuri: kinaweza kuandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Shule makini hulinganisha sahihi na ile iliyo kwenye fomu ya kujiunga. Kwa hiyo tumia sahihi ile ile, na aandike mzazi au mlezi aliyeandikishwa. Akiandika kaka, shangazi au mpangaji mwenzenu, aeleze yeye ni nani kwa mtoto na kwa nini mzazi hakuandika.

Njia ya tatu: barua rasmi kwa mkuu

Barua ndiyo inayoogopwa zaidi, na ndiyo inayoandikwa vibaya zaidi, kwa sababu watu wanaiandika kama insha. Nitaieleza kwa tukio moja, maana hapa kuna mengi ya kuona.

Mzazi wa watoto wawili wa shule ya msingi ametuma hivi, usiku: "Mwl samahani tumepata msiba bibi yao kafariki Songea tunaondoka alfajiri na watoto wote, wiki ijayo watakuwepo, tuombeane."

Ujumbe huu umeandikwa na mtu aliyefiwa, na hakuna mwalimu atakayemlaumu. Lakini umekwenda kwa mwalimu mmoja tu, yule ambaye namba yake ilikuwepo, na watoto wako madarasa mawili. "Watoto wote" kwa mwalimu wa Darasa la Tatu ni mtoto mmoja. Mwalimu wa Darasa la Sita hajasikia lolote. Bibi ni mama mzazi wa baba au wa mama yao, au ni bibi wa ukoo? Baadhi ya shule hutazama ukaribu wa undugu zinapoamua idadi ya siku. Na "wiki ijayo" inaanza Jumatatu au inaishia Ijumaa?

Kilichomfaa mzazi huyu ni kutuma ule ujumbe usiku, ukiwa na majina na madarasa, halafu asubuhi barua hii ipelekwe ofisini na jirani:

> Daudi Komba,
> S.L.P. ............, Dar es Salaam.
> Simu: ............
> 13 Mei 2025
>
> Mwalimu Mkuu,
> Shule ya Msingi ............,
> S.L.P. ............, Dar es Salaam.
>
> Ndugu Mwalimu Mkuu,
>
> YAH: OMBI LA RUHUSA YA SIKU 4 KWA GRACE DAUDI KOMBA (DARASA LA SITA A) NA BARAKA DAUDI KOMBA (DARASA LA TATU B)
>
> Naomba ruhusa ya watoto wangu wawili waliotajwa hapo juu kutohudhuria masomo kuanzia leo Jumanne 13 hadi Ijumaa 16 Mei 2025. Mama yangu mzazi, ambaye ni bibi yao, alifariki jana Jumatatu, 12 Mei, Songea. Mazishi ni Alhamisi, 15 Mei. Tutasafiri kurudi Jumamosi, 17 Mei, na watoto watakuwa darasani Jumatatu, 19 Mei.
>
> Grace ana jaribio la Hisabati Alhamisi, 15 Mei. Naomba alifanye siku nyingine atakaporudi, au nielekezwe utaratibu wa shule.
>
> Kwa sababu ya dharura tumelazimika kuondoka alfajiri kabla ya kupata majibu. Ninapatikana kwa namba iliyo hapo juu.
>
> Wako mtiifu,
> (sahihi)
> Daudi Komba
> Mzazi
>
> Nakala: Mwalimu wa Darasa la Sita A, Mwalimu wa Darasa la Tatu B.

Kichwa cha barua peke yake kinamweleza karani kila kitu: ni ombi, ni siku nne, ni watoto hawa, madarasa haya. Mkuu anaweza kuidhinisha hata kabla ya kumaliza kusoma. Ndiyo sababu kichwa kama "YAH: RUHUSA" hakitoshi, barua za ruhusa mezani ziko nyingi na zote zinafanana kwa kichwa hicho. Sentensi ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu" nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa haiongezi chochote.

Siku za safari zimetajwa. Basi la Dar es Salaam kwenda Songea linachukua siku nzima njiani, kwa hiyo mazishi ya Alhamisi hayamruhusu mtoto kuwa darasani Ijumaa. Mzazi asipoieleza hiyo Ijumaa, inaonekana kama siku ya kupumzika. Jaribio nalo limetajwa kwa somo na tarehe. Wazazi wengi huomba ruhusa na kunyamaza kuhusu majaribio, halafu mtoto akirudi anakuta alama ya sifuri na malalamiko yanaanza wakati huo.

Sentensi ya kwamba wameondoka kabla ya kujibiwa ni ya uungwana. Ni ombi, na mzazi anakiri kwamba hakusubiri. Anayesoma anaelewa kwa nini.

Angalia pia cheo. Shule ya msingi ina Mwalimu Mkuu, sekondari ina Mkuu wa Shule. Ukivichanganya barua bado itasomwa, lakini ni vizuri kumwita mtu kwa cheo chake.

*Kasi.* Inategemea nani anaipeleka. Ikifika kwa mkono asubuhi, inafanya kazi siku hiyo hiyo. Ukimwachia mtoto aipeleke atakaporudi, imepoteza maana ya kuomba.

*Kumbukumbu.* Bora kuliko zote, hasa ukibaki na nakala. Peleka nakala mbili, omba ofisi ipige muhuri wa kupokea kwenye yako. Kama huna mashine ya kunakili karibu, ipige picha baada ya kugongwa muhuri.

*Usiri.* Inapita mikononi mwa karani na walimu, kwa hiyo andika kile tu wanachohitaji kukijua. Maelezo ya kina ya ugonjwa au mgogoro wa familia yabaki ya kuzungumza ana kwa ana na mkuu.

*Kubeba ombi.* Hii ndiyo kazi yake hasa.

*Inamfaa nani.* Mzazi anayeomba siku kadhaa, anayeomba mtoto ahamishiwe tarehe ya jaribio, mwenye watoto zaidi ya mmoja shuleni, au ambaye mtoto wake yuko bweni na atachelewa kuripoti baada ya likizo. Kwa homa ya siku moja ni mzigo usio na sababu, kwako na kwa ofisi.

Pale sababu ni nyeti

Baadhi ya jumbe zinasema mengi kupita kiasi. Mzazi aliyeshtuka huandika kila kitu: vipimo, majina ya dawa, ugomvi wa nyumbani, hata mimba ya dada yake mtoto. Mwalimu hahitaji hayo ili kujaza rejista, na ukishayatuma huwezi kuyarudisha. Kwa binti aliyebaki nyumbani kwa maumivu ya hedhi, "hajisikii vizuri kiafya leo" inatosha kabisa. Kwa mtoto aliyepelekwa kwa ndugu kwa sababu ya mgogoro wa wazazi, "dharura ya kifamilia" inatosha kwenye maandishi, na mazungumzo na mwalimu wa malezi yanamaliza mengine.

Ugonjwa wa kudumu ni tofauti, na hapa kunyamaza kunamuumiza mtoto. Mtoto mwenye selimundu, kwa mfano, atakuwa na siku za kliniki zinazojulikana na siku za maumivu zisizojulikana. Mzazi anayetuma "anaumwa tena mwl" kila baada ya wiki chache anachosha, na mwalimu mpya anaanza kushuku. Hali hii inahitaji barua moja mwanzoni mwa mwaka, ndani ya bahasha iliyofungwa, ikimweleza mkuu hali ya mtoto, siku za kliniki, dalili ambazo zikionekana darasani mzazi apigiwe simu, na nakala ya karatasi ya hospitali. Baada ya hapo kila tukio ni ujumbe mfupi wa simu:

> Habari Mwalimu. Ibrahimu Hamisi Juma, Darasa la Tano B, hatakuja leo Jumanne, 20 Mei 2025. Sababu ni ile iliyo kwenye barua yangu ya Januari. Natarajia arudi kesho, Jumatano. Ahsante. Hamisi Juma.

Ujumbe huo ukionekana na mtu mwingine, hajui mtoto anaumwa nini. Mwalimu anajua, kwa sababu barua iko kwenye faili.

Uchague ipi, kwa hali uliyo nayo

Mtoto ameamka na homa: tuma ujumbe wa simu kabla ya saa moja na nusu, na akirudi ampe mwalimu kikaratasi chenye tarehe hizo hizo. Kama alikosa siku moja tu na mwalimu alikujibu, kikaratasi si lazima, isipokuwa shule yako inakidai. Zipo zinazokidai hata kwa siku moja, kwa hiyo ulizia mara moja mwanzoni mwa mwaka.

Unajua mapema kwamba atakosa siku mbili au zaidi: barua, na ifike kabla ya siku yenyewe. Ikiwa siku hizo zinagusa mtihani wa shule, ifike mapema zaidi na uende mwenyewe ofisini. Kwa mitihani ya taifa, kama ile ya Darasa la Nne, la Saba, Kidato cha Pili na cha Nne, hakuna barua ya mzazi inayohamisha tarehe. Ratiba inapangwa na Baraza la Mitihani, na ukiwa na dharura siku hizo mpigie mkuu simu saa hiyo hiyo.

Msiba au ajali: ujumbe wa simu saa hiyo kwa mwalimu wa kila mtoto, barua ifuate kwa mkono wa mtu mzima.

Huna simu, au mwalimu amebadilika na namba mpya huna: kikaratasi ndani ya bahasha kupitia mtoto mwingine wa shule hiyo, chenye jina la mwalimu wa darasa juu yake. Ukiweza kufika getini, mwachie mwalimu wa zamu.

Mtoto ameshaandikwa mtoro wakati alikuwa mgonjwa: usigombane kwa simu. Andika barua fupi kwa mkuu, taja tarehe moja moja, ambatanisha karatasi ya zahanati na picha ya ujumbe uliotuma siku ile, na uombe kumbukumbu za mahudhurio zisahihishwe. Na ikiwa hukuwa umetuma chochote, sema hivyo kwa sentensi moja kisha uweke karatasi ya zahanati mbele. Mkuu ataamua kwa tarehe zilizoandikwa pale.